Milioni 85 za kwenye kipeperushi

Januari binamu yangu, mwalimu wa shule ya msingi wilayani Muheza, alinitumia kwa simu picha ya kipeperushi cha mfuko wa uwekezaji. Kilichorwa mti uliozaa sarafu, na chini yake pameandikwa: weka 50,000 kila mwezi kwa miaka 28, ustaafu na milioni 85. Hiyo 28 iliandikwa kwa kalamu, kwa ajili yake. Ana miaka 32, na mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima akifika 60.

"Kaka," akaandika chini ya picha, "elfu hamsini mara kumi na mbili, mara ishirini na nane, ni milioni kumi na sita na laki nane. Nimepiga mara tatu. Hizo milioni sitini na nane nyingine nani anazitoa?"

Mimi ni mhasibu, na watu wa ukoo wamezoea kuniletea maswali ya fedha, lakini hili lilinifurahisha. Wengi huuliza watapata ngapi. Yeye aliuliza anayelipa ni nani. Nikamwambia anipe siku mbili, nikakaa na kipeperushi kile kama ninavyokaa na vitabu vya hesabu vya mtu nisiyemjua.

Nianze na anayelipa. Mfuko wa uwekezaji wa pamoja hukusanya fedha za watu wengi na kuzikopesha. Sehemu kubwa huenda kwenye hatifungani za serikali, yaani hati za mkopo wa muda mrefu kwa Serikali, na nyingine kwenye amana za muda maalumu benki. Kwa hiyo anayelipa ni mkopaji, na mkopaji mkuu hapo ni Serikali. Mwalimu hawezi kwenda peke yake kwenye mnada wa hatifungani na elfu hamsini, kwa sababu kiwango cha chini ni shilingi 1,000,000. Ndani ya mfuko, elfu hamsini yake inanunua vipande, yaani sehemu ndogondogo za mfuko wenyewe, na vipande hivyo vina haki ya kipato kilekile kwa uwiano wake.

Kwa maandishi madogo kipeperushi kilisema kimetumia asilimia 0.8 kwa mwezi, ambayo kwa mwaka ni kama asilimia 10. Hicho si kiwango cha ndoto. Hatifungani ya Serikali ya miaka 25 mwaka 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95, na mwaka uliofuata ikashushwa hadi 12.56. Ukitoa gharama za mfuko, na ukikumbuka kuwa fedha nyingine ziko kwenye amana zenye riba ndogo, 10 ni makisio yanayobebeka. Ila angalia kilichotokea kati ya 2021 na 2022: kiwango kilianguka kwa zaidi ya pointi tatu. Mtu anayekuchorea miaka 28 kwa riba moja iliyonyooka anakuchorea barabara isiyo na hata tuta moja.

Sasa tuifuate fedha yenyewe. Mwisho wa mwezi wa kwanza mwalimu anaweka 50,000. Mwezi wa pili ile ya kwanza imezaa 400, anaongeza 50,000, jumla 100,400. Mwezi wa tatu riba inapigwa kwa 100,400 yote, si kwa laki moja tu. Ile 400 nayo inazaa, na inazaa shilingi 3 na senti 20. Akiongeza 50,000 anakuwa na 151,203. Siri yote imo katika hizo shilingi tatu, na ndiyo maana watu hawaioni. Nani anainama kuokota shilingi tatu?

Mwenye kompyuta au simu yenye jedwali la hesabu anaweza kujihakikishia mwenyewe kwa mstari mmoja. 0.008 ni riba ya mwezi, 336 ni idadi ya miezi, na alama ya kutoa inaonyesha kuwa fedha inatoka mfukoni:

```
=FV(0.008,336,-50000)
```

Jibu ni kama 84,661,000. Aliyechapa kipeperushi amekadiria juu kidogo, lakini kwa hesabu tupu hakudanganya. Nikampigia simu binamu yangu nikamweleza hivyo, naye akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi kama ni kweli, mbona wote waliojiwekea si matajiri?"

Hilo ndilo lililonifanya nivunje ile jumla vipandevipande, mwaka kwa mwaka.

| Mwisho wa mwaka wa | Alizoweka | Riba | Jumla |
|---|---|---|---|
| 1 | 600,000 | 27,117 | 627,117 |
| 5 | 3,000,000 | 831,000 | 3,831,000 |
| 10 | 6,000,000 | 4,011,000 | 10,011,000 |
| 20 | 12,000,000 | 24,057,000 | 36,057,000 |
| 28 | 16,800,000 | 67,861,000 | 84,661,000 |

Mwaka mzima wa kujinyima unaleta riba ya 27,117. Hiyo si nauli ya kumfikisha mtu mbali. Miaka mitano inaleta laki nane na kidogo, kiasi ambacho mtu angeweza kukipata kwa msimu mmoja wa kuuza machungwa, na Muheza machungwa si haba. Hapo ndipo wengi huacha, na siwezi kuwaita wajinga. Ushahidi walio nao mkononi unawaambia kwamba jambo hili halina maana.

Kinachobadilisha hali ni siku moja ambayo haitangazwi popote. Katika mwezi wa 87, yaani baada ya miaka 7 na miezi 3, salio linafika 6,250,000. Asilimia 0.8 ya kiasi hicho ni 50,000 kamili. Kuanzia mwezi huo, mwalimu akiweka elfu hamsini yake, mfuko nao unaweka elfu hamsini yake. Ni kana kwamba amepata mwenzake wa kuchangia, na mwenzake huyo anaongeza mchango kila mwezi bila kuombwa. Kwa mwezi wa 159, miaka 13 na miezi 3 tangu aanze, riba yote iliyokusanyika inakuwa imepita jumla ya fedha alizotoa mfukoni.

Miaka 7 na miezi 3 haikutokea tu. Ni muda uleule ambao shilingi yoyote iliyoachwa kwa riba hiyo huchukua kuongezeka mara mbili. Kuna kanuni ya zamani ya kukadiria: gawanya 72 kwa riba ya mwaka, unapata miaka. 72 kwa 10 ni 7.2. Luca Pacioli, mtawa wa Italia ambaye sisi wahasibu tunamheshimu kwa mambo mengine pia, aliiandika mwaka 1494, na bado inafanya kazi bila kikokotoo.

Jedwali lina jambo jingine ambalo jicho linaweza kulipita. Nusu ya milioni 84.7 ni milioni 42.3. Mwalimu anaifikia katikati ya mwaka wa 22. Miaka ishirini na moja na nusu inaleta nusu ya kwanza, kisha miaka sita na nusu iliyobaki inaleta nusu ya pili. Mwaka wa mwisho peke yake unaongeza milioni 8.29. Laki sita ni zake, na milioni 7.69 ni riba. Mwaka huo mmoja una riba kubwa kuliko fedha alizoweka katika miaka kumi na miwili ya mwanzo.

Kwa hiyo jibu la swali lake la pili ni hili: waliojiwekea wengi waliondoka kabla ya miaka yenye fedha haijafika, au walichota katikati. Nilimpigia hesabu ya kuchota kwa sababu namjua. Mwaka wa kumi ana milioni kumi, na nyumba yake itakuwa imefika kwenye lenta. Tuseme anatoa milioni nne apaue. Kisha anaendelea kuweka elfu hamsini kila mwezi kama kawaida, hakosi hata mmoja. Miaka 18 iliyobaki ingeikuza ile milioni nne mara 5.59. Alipochota hakupunguza milioni nne tu, alipunguza milioni 22.4 za siku ya kustaafu.

Sikumwambia asipaue. Nyumba isiyo na bati inanyeshewa, nayo ina hasara yake. Nilimwambia tu bei ya bati hizo iandikwe yote, ili siku ya kuamua aione.

Kuchelewa kunakata vilevile. Akisubiri miaka mitano kwanza, kwa hoja kwamba mshahara utakuwa umepanda, anaokoa 3,000,000 ambazo hakuziweka. Mwishoni atakuwa na milioni 50.1 badala ya 84.7. Pengo la milioni 34.5 linatokana na ile miaka mitano iliyoonekana haina maana, yenye riba ya laki nane. Zile 3,831,000 za mwanzo ndizo zinazokaa muda mrefu kuliko zote, na kila shilingi yake inageuka kuwa tisa.

Mpaka hapa kipeperushi kilikuwa kinaniheshimu. Kilichokosekana ni mambo mawili, na yote mawili ni makubwa.

La kwanza ni gharama. Kila mfuko hukata ada ya usimamizi, na mingine hukata pia unapoingia au unapotoka. Ada ya asilimia 2 kwa mwaka inasikika kama chenji. Lakini haikatwi kwenye mchango wa mwezi. Inakatwa kwenye salio lote, kila mwaka, na kinachokatwa hakizai tena. Nikarudia hesabu kwa riba ya 0.64 kwa mwezi, takriban asilimia 8 kwa mwaka badala ya 10. Milioni 84.7 zikawa milioni 58.8. Pengo ni karibu milioni 26, zaidi ya fedha zote ambazo mwalimu angeziweka maisha yake yote ya kazi. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwenye kipeperushi ni moja tu: hiyo asilimia 10 ni kabla ya ada au baada? Binamu yangu alimuuliza. Akajibiwa kwamba ni kabla. Mfuko alioishia kuuchagua baadaye ulikuwa mwingine, unaoonyesha thamani ya kipande ikiwa ada imeshatolewa, ili mtu asihangaike kukisia.

La pili ni shilingi yenyewe. Milioni 85 za baada ya miaka 28 si milioni 85 za leo, na hakuna mtu mzima asiyelijua hilo. Mwulize yeyote bei ya mkate alipokuwa darasa la saba. Ila kujua ni jambo moja na kulipigia hesabu ni jingine. Mfumuko wa bei Tanzania umekuwa mdogo katika miaka ya karibuni, lakini Desemba 2011 ulifika karibu asilimia 20, na mtu anayepanga kwa miaka 28 hapaswi kusahau mwaka kama ule. Nikachukua asilimia 5 kama wastani. Kwa mwendo huo bei hupanda mara 3.92 katika miaka 28, kwa sababu mfumuko nao ni riba juu ya riba, ila unakula upande wako.

Gawanya 84,661,000 kwa 3.92. Unapata milioni 21.6 za leo.

Binamu yangu alivunjika moyo hapo, na ilibidi nimwonyeshe upande wa pili wa shilingi hiyohiyo. Michango yake nayo inapungua uzito. Elfu hamsini atakayoweka mwaka wa mwisho ina nguvu ya kununua ya kama elfu kumi na tatu za leo. Ukijumlisha michango yote kwa thamani ya leo, hatoi milioni 16.8, anatoa kama milioni 9.1. Kwa hiyo kwa nguvu ya kununua anaweka 9.1 na kukuta 21.6. Imezidishwa mara 2.4 hivi, si mara tano kama kipeperushi kinavyoashiria. Mimi naona mara 2.4 ni kitu kikubwa, na kina faida ya kuwa kweli.

Linganisha na akaunti ya akiba ya kawaida, ambako wengi huacha fedha kwa sababu ndiyo iliyo karibu. Chukua riba ya asilimia 2.5 kwa mwaka. Ondoa kodi ya zuio ya asilimia 10 inayokatwa kwenye riba ya benki, inabaki 2.25. Michango ileile ya elfu hamsini inafika milioni 23.3 baada ya miaka 28, na kitabu kitaonyesha riba ya milioni sita na nusu, kila kitu kimeongezeka. Kwa thamani ya leo ni milioni 5.9. Ameweka 9.1, amekuta 5.9. Riba imezaa riba kwa uaminifu kila mwezi, na bado mtu amepoteza theluthi ya jasho lake. Kinachojenga ni pengo kati ya riba unayobaki nayo baada ya ada na kodi, na kasi ya bei. Pengo likiwa hasi, muda mrefu unazidisha hasara.

Tulipofika hapo nilimwuliza swali ambalo kipeperushi kisingeuliza: una deni? Akacheka kwa aibu. Alikuwa na laki tatu za kausha damu, asilimia 20 kwa mwezi. Kwa kasi hiyo deni lisilolipwa linapita mara mbili kwa miezi minne, wakati akiba yake ingehitaji miaka saba. Hakuna mfuko halali unaoweza kushindana na hilo. Akalifuta kwa zamu yake ya mchezo wa walimu wenzake iliyoangukia Machi, na ndiyo maana hakuanza kuweka akiba mpaka Aprili.

Kuna mambo mawili aliyoyapanga tofauti na kipeperushi. Fomu ya mfuko ilimtaka achague kati ya kulipwa gawio na kukuza mtaji. Wengi huweka alama kwenye gawio kwa sababu kupata ujumbe wa fedha kwenye simu kunafurahisha. Akichagua hivyo riba inatoka nje, inanunua mafuta ya kula, na haizai tena; mwishoni angekuta vipande vya milioni 16.8 na kumbukumbu za jumbe. Akachagua kukuza. Mtego huohuo uko kwenye hatifungani ukiinunua mwenyewe. Serikali inakulipa kila miezi sita kwenye akaunti yako, na hatifungani haijikuzi yenyewe. Usipoirudisha riba kazini kwa mkono wako, inalala.

Jambo la pili ni kwamba kila Januari ataongeza mchango kwa asilimia 5, ili elfu hamsini isichakae. Mwaka wa pili ni 52,500, wa tatu 55,125, mpaka mwaka wa 28 ambapo ni kama 186,700. Inatisha ukiisoma leo, lakini kwa mfumuko tuliouchukua, 186,700 ya wakati huo ina uzito uleule wa elfu hamsini ya sasa. Kwa njia hiyo mwisho wa hesabu ni milioni 132, ambazo kwa thamani ya leo ni kama milioni 33.8. Mshahara usipopanda kwa kasi hiyo hataweza, na tumekubaliana kwamba mwaka ambao hautapanda ataacha kiasi palepale badala ya kuacha kuweka kabisa.

Shangazi, mama yake, alikuwa anasikiliza simu ikiwa kwenye spika. Yeye neno riba lenyewe halitaki nyumbani kwake. Nilimjibu kwamba hesabu haijali jina: gawio la faida ya biashara halali likirudishwa kwenye mtaji linakua kwa kanuni ileile, ila hapo hakuna kiwango kilichoahidiwa, na mwaka mbaya unaweza kula mtaji. "Kama shamba," akasema. Kama shamba, shangazi.

Fedha sasa zinakatwa benki tarehe moja baada ya mshahara kuingia, kabla hazijaonwa na mtu. Jukumu la mwalimu ni kufungua taarifa kila baada ya miezi mitatu na kutazama idadi ya vipande. Thamani ya kipande inaweza kushuka mwezi mmoja na kupanda mwingine, lakini idadi ya vipande lazima iongezeke kwa kila mchango. Isipoongezeka, makato hayakufika au kuna mtu amekosea, na hiyo si ya kusubiri.

Taarifa ya kwanza ilikuja mwishoni mwa Juni. Michango mitatu, jumla 151,148. Kwa karatasi yangu ilitakiwa iwe 151,203, kwa hiyo tulipishana shilingi 55. Akanitumia picha yake.

"Kaka, elfu moja, mia moja na arobaini na nane. Kilo ya sukari haifiki."

Nikamwandikia kwamba vipande vimeongezeka mara tatu kama ilivyotakiwa, na kwamba imebaki miezi 333.